Schoenfeld, logi-logi au kugawa muda? Modeli ya Cox ya saratani ya matiti

Mkesha_wa_Sura_ya_Nne

Wakuu, habari za saa hizi. Nina wagonjwa 412 wa saratani ya matiti, vifo 163, ufuatiliaji mrefu zaidi ni miezi 96. Swali kuu la tasnifu ni kama wenye uvimbe usio na vipokezi vya estrojeni (ER hasi) hufariki mapema kuliko wenye ER chanya. Cox imenipa uwiano wa hatari 1.73, nikafurahi. Rasimu ikarudi na wino mwekundu wa msimamizi: "Umehakikisha uwiano haubadiliki na muda?" Nikaendesha hii:

```
m1 <- coxph(Surv(miezi, kifo) ~ er + hatua + umri, data = d)
z <- cox.zph(m1)
z
plot(z[1])
```

Thamani za p: er 0.002, hatua 0.38, umri 0.21, GLOBAL 0.019. (er nimeiandika 1 kwa hasi, 0 kwa chanya.) Naona watu wanatumia grafu ya logi-logi, wengine mabaki ya Schoenfeld, wengine wanaongeza muda ndani ya modeli. Ipi ina uzito mbele ya watahini? Na hiyo 0.002 niifanyeje?

Kaka_Stata

Usijitese, mkuu. Angalia GLOBAL tu. Yangu ilikuwa 0.11, nikaandika sentensi moja na hakuna aliyeuliza. Yako imekataa, basi weka `strata(er)`, endesha upya, kipimo kitapita. Kazi imeisha.

BiTakwimu

Kitapita kweli, lakini Kaka, umemnyang'anya swali lake. Ukiiweka ER kwenye matabaka, kila kundi linapewa mkondo wake wa hatari na modeli haikupi tena namba yoyote ya ER. Hiyo ni dawa nzuri kwa kigeu usichokihitaji, tuseme hatua ya ugonjwa ingekuwa ndiyo iliyokataa. Yeye tasnifu nzima inaitafuta ER.

Na GLOBAL usiitegemee peke yake. Kigeu kimoja kibovu kikizungukwa na vitano vizuri, jumla inaweza kutoka safi. Hiyo 0.11 yako ningependa kuona mistari iliyokuwa juu yake.

Logi-logi mimi huiangalia kwanza, kisha naiweka kando. Ni ya macho tu: wawili wataitazama, mmoja aseme mistari iko sambamba, mwingine akatae. Pia inalinganisha ER bila kuzingatia hatua wala umri, na kwa umri wenyewe itakubidi uukate makundi kwanza. Schoenfeld inapima ndani ya modeli ileile utakayoiripoti. Ila p ni nusu ya jibu tu. Ukiwa na vifo elfu tano, tofauti ndogo isiyo na maana itakupa p ndogo. Ukiwa na vifo thelathini, tatizo kubwa linaweza kupita kimya. Mkesha, hiyo `plot(z[1])` inaonyesha nini?

Mkesha_wa_Sura_ya_Nne

Mstari unaanza juu, karibu 1.4, unashuka, unafika sifuri kwenye mwezi wa 30 hivi. Mwishoni unapinda juu tena. Hapo ndipo nimechanganyikiwa.

BiTakwimu

Huko mwishoni tazama utepe unaouzunguka mstari. Bila shaka umepanuka kama mdomo wa tarumbeta, kwa sababu vifo vilivyobaki ni vya kuhesabu. Usiujengee hoja.

Mteremko wa mwanzo ndio habari. Mhimili wima ni logi ya uwiano wa hatari, kwa hiyo 1.4 ni kama mara nne, na sifuri ni hakuna tofauti. Nawe unajua ugonjwa wenyewe: ER hasi ikirudi, mara nyingi hurudi miaka ya mwanzo, kisha hatari inapungua, ER chanya hatari yake huendelea polepole kwa miaka mingi. Data yako haina kasoro hapo. Hiyo 1.73 ni wastani wa visa viwili, na wastani huo ungebadilika kama ungefunga ufuatiliaji mwezi wa 36 badala ya 96.

Mfamasia_Mtafiti

Na mimi nina hili hili! Wagonjwa wangu wengine walianza kemo miezi mitatu baada ya kuandikishwa, wengine sita. Kwa hiyo nami nigawe muda?

BiTakwimu

Hapana, ndugu, lako ni jingine. Kwako kigeu chenyewe kinabadilika. Kwa Mkesha, ER ni ileile, nguvu yake ndiyo inayobadilika. Ukimhesabu mtu kuwa "alipata kemo" tangu siku ya kwanza, umempa bure miezi ambayo ilibidi awe hai ili aipate. Fungua uzi wako, nitakuja.

Jirani_wa_R

Rahisi: ongeza `er*miezi` kwenye fomula.

BiTakwimu

Usifanye hivyo kabisa! `miezi` hapo ni muda wa mwisho wa kila mgonjwa, yaani unamwambia modeli mwezi wa kwanza kwamba huyu ataishi 80. R itatoa onyo tu kwamba kigeu kimoja kiko pande zote mbili za fomula, kisha itaendelea, na namba zitakuwa upuuzi. Muda unaingizwa kwa `tt()`, au unakatwa:

```
d2 <- survSplit(Surv(miezi, kifo) ~ ., data = d,
                cut = 24, episode = "kipindi")
m2 <- coxph(Surv(tstart, miezi, kifo) ~ er:strata(kipindi)
            + hatua + umri, data = d2)
```

Aliyefuatwa miezi 40 anakuwa mistari miwili: 0 hadi 24 bila kifo, kisha 24 hadi 40. Kabla ya kusoma chochote, jumlisha `kifo` kwenye d2. Isipokuwa 163, kuna mahali umekosea.

Mkesha_wa_Sura_ya_Nne

Ni 163 kamili, 88 kabla ya mwezi wa 24 na 75 baadaye. Uwiano kipindi cha kwanza 2.89, cha pili 0.95. Nimerudia `cox.zph(m2)`, hakuna kinacholalamika. Nimeduwaa kidogo.

Kaka_Stata

Sawa, nimenyamazishwa. Lakini 24 imetoka wapi? Kama umeichagua baada ya kuona grafu, hiyo p ya tofauti ya vipindi imependelewa.

BiTakwimu

Hoja ya haki. Andika wazi kwamba mkato uliamuliwa baada ya kuona data, uhalalishe kwa ugonjwa, na uonyeshe 18 na 36 kwenye kiambatisho. Kwa mimi mkato mmoja bado ni afadhali kuliko `tt()` na logi ya muda, kwa sababu daktari anausoma bila mkalimani.

Jirani_wa_R

Wa mwisho: nimeendesha data yangu R na Stata, p tofauti. Nani mwongo?

Kaka_Stata

Hakuna. `estat phtest` hutumia muda kama ulivyo, R huubadilisha kwa Kaplan-Meier. Andika `estat phtest, km detail` zitakaribiana. Hazitalingana kabisa: R kuanzia `survival` 3.0 hukokotoa kipimo chenyewe, si makadirio ya zamani.

Mkesha_wa_Sura_ya_Nne

Msimamizi kajibu. Amekubali vipindi viwili kwenye matokeo, ila kwenye muhtasari anataka namba moja.

Jirani_wa_R

Mpe tofauti ya wastani wa miezi ya kuishi ndani ya miezi 60. Ni namba moja na haihitaji uwiano usiobadilika.

BiTakwimu

Inafaa, mradi 60 isiwe umeichagua kwa sababu inapendeza. Lakini inaficha kwamba tofauti yote iko mwanzoni. Mimi ningebishania nafasi ya namba mbili.

Mkesha_wa_Sura_ya_Nne

Muhtasari una maneno 300 na nimeshafika 297.