Lenzi za macho na chupa ya dawa yake: picha hizi zinaonyesha nini?

Kutoka: Rehema

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Nimenunua mtandaoni vikasha viwili vya lenzi za kuvaa mwezi mmoja mmoja, pamoja na chupa ya dawa ya kuzisafishia, kutoka kwa muuzaji ambaye sikuwahi kununua kwake. Picha nimeziambatisha. Kinachonitia shaka ni namba ya bechi: kwenye kikasha cha kwanza imepinda kidogo, haikulingana na mistari mingine, na kwenye cha pili imekaa juu zaidi. Sijavaa lenzi hata moja. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kuzisoma picha hizi.

Kutoka: Faraja

Dada Rehema, pole. Kwa maoni yangu vyote ni bandia. Kiwanda chenye mashine za kisasa hakiwezi kuchapa namba ikapinda. Isitoshe, maandishi madogo ya ubavuni yametapakaa kama yaliyolowa maji, na kikasha kina lugha isiyotumika hapa tunapoishi. Rudisha mzigo, udai fedha zako.

Kutoka: Zainabu

Dada Rehema, na wewe kaka Faraja, naomba tuende polepole. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa vifungashio vya vifaa tiba, na katika dalili tatu alizotaja Faraja hakuna hata moja inayotosha.

Kikasha huchapwa rangi na maandishi yake kwanza, maelfu kwa pamoja, na huachiwa nafasi tupu. Namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi huingizwa baadaye, kikasha kikiwa kinapita kwenye mashine nyingine. Ndiyo maana namba husogea kidogo kutoka kikasha kimoja hadi kingine, na wino wake hutofautiana na wa maandishi mengine. Mimi hushtuka ninapoona kinyume chake, yaani vikasha kadhaa vyenye namba ileile, mahali palepale bila tofauti ya hata unywele, na namba yenyewe imejengwa kwa vitone vya rangi kama picha ya pembeni yake. Hapo inaelekea mtu alipiga skani kikasha halisi na kukichapa upya pamoja na namba yake.

Kuhusu maandishi yaliyotapakaa, programu za kutumiana ujumbe hupunguza ukubwa wa picha, na herufi ndogo ndizo huharibika kwanza. Dada, tuma picha upya kama faili, si kama picha ya kawaida, na upige karibu kadiri simu inavyoweza kuona bila ukungu. Katika uchapaji halisi, herufi ndogo nyeusi huwa za wino mmoja na kingo zake ni kali. Katika nakala iliyopigwa skani, kingo za herufi huwa na vumbi la bluu, nyekundu na manjano. Lugha nyingine kwenye kikasha inamaanisha tu kwamba kilikusudiwa kuuzwa nchi nyingine. Hilo linaweza kuwa tatizo la kisheria kwa muuzaji, lakini halithibitishi kwamba lenzi ni bandia.

Naomba vilevile picha ya foili za vikombe, ukiwa umeweka taa ubavuni, karibu usawa wa meza, ili mwanga upite juu ya foili na kuonyesha mabonde yake. Foili hubandikwa kwenye kikombe cha plastiki kwa joto na shinikizo, na huacha alama ya pete kuzunguka kisima cha maji. Pete hiyo iwe kamili na yenye upana unaofanana. Mkunjo unaoikata kutoka ndani hadi nje ni njia ya vijidudu, na mara nyingine utaona chumvi iliyokauka mwishoni mwake. Foili iliyolala bure bila alama ya pete, au yenye gundi inayong'aa pembeni, usiifungue.

Mwisho, soma ule mraba mdogo wa vitone kwa programu ya skana, utunakilie kinachotokea.

Kutoka: Mzee Idrisa

Wanangu, na mimi nina swali hilohilo. Vikombe vyangu vina povu moja kubwa la hewa ndani, na chupa niliyofungua zamani bado ina dawa nusu, tarehe yake haijafika. Je, ni feki?

Kutoka: Zainabu

Shikamoo Mzee. Povu la hewa ni la kawaida. Kinachotisha ni kikombe chenye maji machache kuliko wenzake, maana huenda kinavuja. Kuhusu chupa, tarehe iliyochapwa ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ikishafunguliwa inahesabiwa upya, na idadi ya siku imeandikwa kwenye lebo au kwenye karatasi ya maelezo. Kama siku hizo zimepita, imwage, hata kama ni halisi kabisa.

Kutoka: Rehema

Ahsante, dada Zainabu. Kikasha cha kwanza, maandishi na mraba vinakubaliana. Kikasha cha pili kimechapwa `LOT K4712063`, `EXP 2027-08`, sawasawa na cha kwanza, lakini skana inasoma hivi:

```
(01)05012345678900
(17)240229
(10)K3988150
```

Foili za ndani ya kikasha hicho zina `2024-02`. Pete zake zinaonekana nzima. Nimeambatisha na picha ya chupa.

Kutoka: Zainabu

Sasa tumepata jibu la kikasha cha pili. Namba inayofuata `(17)` ni tarehe ya mwisho wa matumizi, mwaka, mwezi na siku: 29 Februari 2024. Inayofuata `(10)` ni bechi. Maandishi na mraba vinapaswa kubeba taarifa ileile, kwa hiyo havipaswi kutofautiana. Tazama picha yako ya ubavuni: chini ya tarehe pana doa lisilong'aa kama sehemu nyingine, kwa sababu vanishi imekwanguliwa. Naamini hizi ni lenzi za kiwanda ambazo muda wake umekwisha, na mtu amefuta tarehe na kunakili ile ya kikasha cha kwanza. Aliyefanya hivyo hakuweza kuzigusa foili, ama hakujisumbua.

Kwenye chupa, plastiki inayobana kifuniko ni nzima na bechi yake inalingana na ya boksi lake. Hilo ni jema, ila picha haioni kilichomo ndani. Picha inaweza kuikataa bidhaa, kuisafisha haiwezi. Mimi nisingetumia chochote katika mzigo huu. Vihifadhi vyote, hata bahasha, uviripoti kwa mtengenezaji na kwa mamlaka ya vifaa tiba ya huko uliko. Na kama ungekuwa umeshavaa, jicho likauma, likawa jekundu au likakataa mwanga, ungevua lenzi na kumwona daktari wa macho siku hiyohiyo, ukiwa na lenzi na kikasha mkononi.

Kutoka: Faraja

Nimekubali kuhusu namba iliyopinda. Lakini kikasha cha kwanza kimepita kila kipimo, na mtengenezaji akithibitisha kwamba `K4712063` ni bechi yake, kwa nini akitupe?

Kutoka: Zainabu

Kwa sababu mwigaji naye hunakili namba ya kweli. Mtengenezaji akisema bechi ipo, amethibitisha namba, si kikasha kilicho mkononi mwa Rehema. Muulize pia bechi hiyo ilipelekwa soko gani na kwa ukali gani wa lenzi. Jibu likipingana na kikasha, tutajua.

Kutoka: Rehema

Nimewaandikia leo, pamoja na picha zote. Kikasha cha kwanza nimekiweka kando bila kukifungua zaidi, na nitawaletea jibu lao hapa.