Mpangaji anataka kulipa mwaka mzima ila nimpunguzie laki sita: nikubali, au nishike miezi sita?

mama_segerea
Habari za jioni wakuu. Nina nyumba Segerea, vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani, LUKU yake peke yake. Pango ni 350,000 kwa mwezi na siku zote nachukua miezi sita kwa mkupuo, yaani 2,100,000. Sasa dalali ameleta mtu mwenye familia ya watu wanne na kazi inayoeleweka. Anasema hela ya mwaka anayo mkononi, ila anataka iwe 300,000 kwa mwezi, jumla 3,600,000. Dalali ananisukuma nikubali leo leo.
Kinachonitia tamaa ni karo la choo. Ukuta mmoja umeanza kuingia ndani na fundi ametaja 1,300,000, tofali, mfuniko na ufundi wake humo humo. Nikichukua ya miezi sita nikatengeneza karo, nabaki na laki nane. Nikichukua ya mwaka nabaki na milioni mbili na ushee. Naombeni mawazo ya watu wanaopangisha.

dalali_mstaarabu
Chukua mama, usifikirie mara mbili. Wapangaji wa sasa wanaomba hata kulipa miezi mitatu mitatu, wewe umeletewa wa mwaka. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza 350,000, miwili 700,000, tayari imezidi hiyo laki sita unayoionea uchungu. Bado kupaka rangi na kubadilisha vitasa kila mtu akihama. Halafu ukigawa kwa mwaka ni punguzo la asilimia 14 tu.

hesabu_za_mtaani
Dalali hajakosea kuhusu nyumba tupu, ila hiyo asilimia 14 inaficha kitu. Mama, miezi sita ya kwanza ungeipata leo hata bila kupunguza senti. Kwa hiyo usilinganishe 3,600,000 na 4,200,000 tu, angalia nini hasa kinabadilika mkononi mwako.
Ukikubali, leo unapokea 3,600,000 badala ya 2,100,000. Nyongeza ni 1,500,000. Ili uipate, unaiacha 2,100,000 ambayo ungelipwa mwezi wa saba. Maana yake mpangaji amekukopesha milioni moja na nusu, na baada ya miezi sita unamrudishia milioni mbili na laki moja. Riba ya asilimia 40 kwa nusu mwaka. Hata wale wa mikopo ya dhamana ya kadi ya benki wangekuonea huruma.
Kama uko kwenye SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi, hiyo hiyo 1,500,000 kwa miezi sita itakula riba isiyozidi 135,000, hata wakikutoza juu ya deni lote bila kushusha. Halafu karo lenyewe ni 1,300,000, na miezi sita ya kawaida inalilipa ikabaki chenji. Hujafika mahali pa kukopa kwa mpangaji.

njoro_wa_kasarani
Mama usilipe mwaka mzima hata kidogo. Lipa deposit ya mwezi mmoja na rent ya mwezi wa kwanza, uone kama maji inafika na majirani wako sawa. Ukishalipa mwaka, landlodi hata simu hatashika.

hesabu_za_mtaani
Njoro, mama ndiye landlodi. Huku Dar mkupuo wa miezi sita au mwaka ni kawaida.

njoro_wa_kasarani
Aii, pole, nilisoma mbio. Lakini basi geuza hiyo point: huyo mtu akiona maji haifiki ama choo imefurika, na ashalipa mwaka, atakusumbua wewe kila siku kwa simu, na wewe pesa umeshakula. Kwetu mtu akichoka anaondoka mwisho wa mwezi, mnaachana na deposit tu.

bi_kiwanja
Njoro amekosea swali lakini jibu lake lina maana. Mama, tengeneza karo kabla familia haijaingia. Karo lenye ukuta unaoingia ndani, ukimwagia maji ya watu wanne kila siku, udongo wa pembeni unalainika na kuta zilizobaki zinafuata. Likibomoka mwezi wa tatu utakuwa na mpangaji aliyelipa mwaka asiye na choo, ana haki ya kudai hela yake, na fundi wa dharura hatataja tena 1,300,000.
Kuhusu mwaka wenyewe, mimi siukatai. Tatizo ni kwamba miezi sita ya kwanza ndiyo kipimo cha mpangaji. Ndani ya muda huo utajua kama watu ni wanne kweli au wanane, kama chumba kimoja kimepangishwa kwa mtu mwingine, kama uani pamegeuka karakana ya kuchomelea. Mwenye mkataba wa miezi sita unamwambia tu kwamba hauendelei. Mwenye mwaka uliolipwa humtoi mpaka umrudishie miezi iliyobaki au uthibitishe kwamba amevunja mkataba, na kubadilisha kufuli wewe mwenyewe ni kujitafutia kesi. Kwa mtu usiyemjua, bora sita kwanza, halafu mwezi wa tano umfungulie mlango wa mwaka wenye punguzo. Wakati huo unajua unamnunua nani.

dalali_mstaarabu
Mwezi wa tano atakuwa ameshanunua kiwanja na hela yenyewe hana. Mwenye hela humkamata akiwa nayo.

bi_kiwanja
Inawezekana. Lakini wewe mwezi wako mmoja wa udalali unaupata leo, akikaa sita au kumi na mbili. Mwezi wa saba haukuhusu.

mama_segerea
Nimeelewa laki sita ni nyingi. Sasa kama nataka mwaka, niseme ngapi? Nisije nikamfukuza mtu kwa ubahili.

hesabu_za_mtaani
Anza na thamani ya muda. Unawahishiwa 2,100,000 kwa miezi sita. Kama hela kwako ina gharama ya asilimia 18 kwa mwaka, ambayo ndiyo ile 1.5 kwa mwezi, 2,100,000 ya mwezi wa saba leo ni kama 1,927,000. Kwa hiyo kuwahishwa kunastahili punguzo la 173,000 hivi.
Ongeza hofu ya nyumba kubaki tupu. Tuseme kati ya wapangaji wanne mmoja huhama kwenye miezi sita, na nyumba inakaa mwezi mmoja kabla ya kupata mwingine. Robo ya 350,000 ni 87,500. Hiyo moja kati ya nne ni makadirio yangu, wewe weka ya mtaa wako. Jumla inafika kama 260,000. Mtajie 200,000, mwisho wako uwe 250,000. Mwezi mzima wa bure, yaani 350,000, tayari umevuka mstari, labda kama nyumba yako inajulikana kwa kukaa tupu.
Na punguzo usiliingize kwenye bei ya mwezi! Mkataba ukisomeka 300,000 kwa mwezi, mwakani ukirudi kwenye 350,000 atakuambia umempandishia pango. Andika pango ni 350,000 kwa mwezi, jumla ya mwaka 4,200,000, punguzo la kulipa kwa mkupuo 250,000 kwa mkataba huu tu, kilicholipwa 3,950,000.

kijana_wa_ofisi
Samahani naingilia. Mimi napangiwa nyumba na kampuni, wanalipa mwaka, lakini mwenye nyumba analalamika amepokea pungufu. Nani ana makosa?

bi_kiwanja
Hakuna mwenye makosa. Kampuni ikilipa pango inakata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kwenye 4,200,000 mwenye nyumba anapokea 3,780,000 na anatakiwa apewe cheti cha hiyo 420,000, aitumie kwenye hesabu zake za kodi. Mwambie adai cheti. Na mama, muulize mtu wako mapema kama mlipaji ni yeye au mwajiri, maana mwajiri akikata 10 juu ya punguzo ulilotoa, hesabu yote ya hapo juu inabadilika.

kk_ukonga
Mnapoteza muda. Andika "pango likilipwa halirudishwi", chukua mwaka, kula hela. Akihama mwezi wa nne shauri yake.

bi_kiwanja
Kila mtu anaandika hivyo, na siku ya siku ndipo ugomvi unapoanzia. Akihama wewe ukaweka mpangaji mwingine mwezi unaofuata, unakula pango mara mbili kwa nyumba moja. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa au baraza utapata tabu sana kuutetea huo mstari. Na mtu anayejua harudishiwi hahami, anaweka shemeji yake ndani. Utakuta sura usizozijua.
Bora uandike hesabu ya kuondoka. Mfano ameingia tarehe 1 Machi, amelipa 3,950,000, anaondoka mwisho wa Juni. Miezi minne aliyokaa inahesabiwa kwa 350,000 kamili kwa sababu punguzo lilikuwa la kukaa mwaka: 1,400,000. Mwezi mmoja badala ya notisi: 350,000. Anarudishiwa 2,200,000, mpangaji mpya akiingia au ndani ya siku 60, kinachotangulia. Kwa hiyo jiulize, mwezi wa Juni utaweza kutoa 2,200,000? Kama yote itakuwa kwenye zege na bati, mwaka haukufai hata kwa bei kamili.

kk_ukonga
Mimi bado nasema mkataba ni mkataba. Amesaini.

hesabu_za_mtaani
Akisaini, peleka mkataba ukagongwe stempu. Ushuru ni asilimia 1 ya pango la mwaka, kwa 4,200,000 ni 42,000. Usiogongwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe na faini juu. Kubalianeni nani analipa kabla ya kusaini.
Na siku ya malipo usimpe ufunguo kwa sababu ya meseji au picha ya skrini ya benki. Angalia salio lako mwenyewe. Akituma zaidi "kwa bahati mbaya" akaomba chenji haraka, usirudishe kitu mpaka benki yako ithibitishe kwamba hela imeingia kweli. Mtego huo unawapata sana wenye haraka.

mama_segerea
Asanteni. Nimempigia, analipa mwenyewe, hakuna kampuni. Nimemwambia mwaka ni 3,950,000 na sita ni 2,100,000, achague, na karo linaanza kuchimbwa Jumatatu kabla hajaingia. Akilipa mwaka, 2,100,000 inakaa benki siigusi mpaka mwezi wa saba.
Amesema laki mbili na nusu ni ndogo, anataka angalau laki tatu na nusu, na mke wake aje aone jiko kwanza. Dalali amenuna.

dalali_mstaarabu
Sijanuna mama. Mpe laki tatu tumalize.