Tupeane uzoefu: mshahara uleule tangu 2019, mafungu ya bajeti mmeyapangaje upya?

BintiWaTandika

Wakuu, heshima kwenu. Nafanya kazi ya stoo kwenye kampuni binafsi hapa Dar. Mshahara ghafi ni 900,000 tangu 2019 na haujapanda hata mia. Baada ya NSSF na kodi naingiza mkononi 729,500.

Siombi ushauri wa kutafuta kazi nyingine, hilo nalifanyia kazi kivyake. Ninachotaka kusikia ni jinsi mlivyopanga upya mafungu yenu hela ilipoanza kupwaya. Lipi lilikatwa, lipi likaunganishwa na lingine, na lipi mlikataa kuligusa?

Naanza na yangu. Mwaka 2019 nilipanga hivi: kodi ya nyumba 150,000, chakula na nishati 230,000, nauli 42,000, ada ya mtoto 90,000, wazazi 60,000, umeme, maji na simu 41,000, akiba 50,000, michango 22,000. Jumla 685,000. Mwaka 2024 nikaandika upya maisha yaleyale kwa bei za sasa. Kodi imefika 200,000, chakula 325,000, nauli 62,000, ada 110,000, umeme na wenzake 50,000. Wazazi, akiba na michango nimeviacha vilevile. Jumla imekuja 879,000. Pengo ni laki moja na nusu kila mwezi.

Mzee wa Hesabu Rahisi

Dada, mbona jambo jepesi. NBS wanatangaza mfumuko wa bei kila mwezi, na kwetu unacheza kati ya asilimia 3 na 4 kwa mwaka. Kila Januari chukua asilimia hiyo uongeze kwenye kila fungu, halafu kinachozidi mshahara kikate kwenye anasa. Mimi nafanya hivyo na sijawahi kuyumba.

BintiWaTandika

Anasa ipi kwenye orodha yangu, kaka? Na kama ni asilimia 3 au 4, mbona chakula changu kimepanda kwa zaidi ya 40?

Karani Mkuu

Nimekaa kwenye mishahara na bajeti za ofisi miaka mingi, acha nichangie.

Kwanza kuna kitu hujakisema. Ulipoandika bajeti ya 2019 ulikuwa unapokea 684,900, sivyo? Leo unapokea 729,500 kwa mshahara ghafi uleule. Mwajiri hajakuongeza. Julai 2020 serikali ilipandisha kiwango kisichotozwa kodi kutoka 170,000 hadi 270,000 na ngazi za juu zikasogezwa, kodi yako ikashuka kutoka 125,100 hadi 83,000. Mwaka uliofuata ngazi ya kwanza ikashuka kutoka asilimia 9 hadi 8, ukapata 2,500 nyingine. Nasema hivi kwa sababu watu wengi walipata nafuu ile bila kuiona. Iliingia ikamezwa na sokoni. Slipu ya mshahara ikibadilika, hata kwa elfu mbili, ipe fungu siku hiyohiyo.

Pili, Mzee wa Hesabu Rahisi yuko sahihi nusu. Ukizidisha mfumuko wa kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2024 unapata takriban asilimia 20 kwa jumla. Kwa hiyo 729,500 yako inanunua kama vile 610,000 ya 2019. Hiyo ni picha nzuri ya nchi. Lakini kikapu cha NBS ni cha kaya zote kwa wastani, na chakula mle kina uzito wa asilimia 28 hivi. Kwako chakula na nishati vilikuwa asilimia 34 ya bajeti, na ndiko shilingi nyingi zaidi zilikoongezeka. Maisha yako wewe yamepanda asilimia 28, na hapo fungu la wazazi hujaligusa.

Tena bei hazipandi kwa asilimia 3 kila Januari kwa adabu. Nauli ya daladala ya safari fupi hapa Dar ilikaa 400 kwa miaka, ikaenda 500 Mei 2022, ikaenda 600 Desemba 2023. Ukiwa unaiongezea asilimia 3 kila mwaka, unalimbikiza hela isiyohitajika kisha unapigwa siku moja. Kodi ya nyumba ni hivyohivyo, mwenye nyumba hukumbuka mkataba unapoisha.

Kwa hiyo mafungu nayagawa kwa tabia zake. Yale yanayoruka kwa tarehe, yaani kodi, ada na nauli, nayatengea kidogo kidogo kabla ya siku yenyewe. Yale yanayopanda kila wiki, yaani chakula, mafuta ya kupikia na mkaa, siyapangi kwa shilingi, nayapanga kwa kilo na lita. Mwezi huu nyumba inakula mchele kilo 15, unga kilo 12, maharage kilo 6, mafuta lita 4. Kisha nauliza bei, nazidisha. Ukipanga kwa shilingi tu, utasema "chakula 230,000" miaka mitano na hutajua kama watoto wanakula kidogo au unakopa. Na yale unayoyaamua mwenyewe, wazazi, michango na akiba, ndiyo yanayobeba kinachobaki. Hapo ndipo hatari ilipo, maana hayana mtu wa kuja kugonga mlango.

Dalili ya kwamba mgawanyo umekufa iko kwenye simu. Angalia tarehe unayochukua mkopo wa simu. Kama mwaka jana ilikuwa tarehe 27 na sasa ni tarehe 19, fungu la chakula limeshaizidi hela uliyoiandika, hata kama daftari linasema uko sawa.

Mfugaji Kibamba

Mshahara hauwezi kumtajirisha mtu. Anza na kuku wa mayai 200, dada, baada ya miezi mitano utasahau habari za mafungu.

BintiWaTandika

Asante ndugu, ila kuku 200 wanakula kabla hawajataga, na hiyo hela ya chakula chao itoke fungu gani? Tubaki kwenye mada.

Dereva Mstaafu wa Sinza

Mimi somo langu liko kwenye kodi na nauli. Nilikuwa napanga Sinza kwa 250,000 na naenda kazini kwa daladala moja, 1,000 kwa siku kwenda na kurudi. Bei zilipopanda nikahamia mbali, huko nje ya mji, nyumba nzuri tu kwa 130,000. Nikajiona nimeokoa 120,000. Sasa nauli: daladala 900 kwenda na 900 kurudi, na bodaboda kutoka kituoni 2,000 asubuhi na 2,000 usiku, maana njia ile usiku huipiti kwa miguu. Siku 26 za kazi ni 150,800, wakati zamani ilikuwa 26,000. Ile 120,000 yote ilienda barabarani, na nyingine kama elfu tano juu yake.

Tangu hapo kodi na nauli kwangu ni fungu moja, naliita makazi. Nikitaka kuhama natafuta jumla ya viwili. Mwishowe nilipata chumba na sebule karibu na kituo, 170,000, bila bodaboda. Hiyo ndiyo iliyopunguza kweli.

Karani Mkuu

Hili ni la dhahabu. Mafungu mawili yanayosukumana yakae pamoja. Mkaa na gesi vilevile. Wapo wanaoona fungu la mkaa limeshuka, kumbe mtungi umeandikwa penginepo.

Kamau wa Nakuru

Habari zenu majirani. Huku Kenya kwangu ilikuwa kinyume na ya dada. Mshahara ghafi ni 55,000 za Kenya na haujasonga, lakini kile kinachofika benki kinapungua. Mwanzoni nilikuwa nakatwa 200 ya NSSF na 1,200 ya bima ya afya ya NHIF. Viwango vipya vya NSSF vikaanza Februari 2023, na vinapanda kila Februari: 1,080, kisha 2,160, na 2025 nikafika 3,300. Ikaja tozo ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ambayo kwangu ni 825. Oktoba 2024 NHIF ikawa SHIF ya asilimia 2.75, kwa hivyo 1,512. Kutoka 1,400 hadi zaidi ya 5,600 kwa mwezi, hapo sijahesabu kanafuu kadogo ka kodi.

Nilichofanya ni kuihesabu NSSF kama sehemu ya akiba yangu ya uzeeni. Nilikuwa naweka 4,000 kwenye Sacco kila mwezi, nikashusha hadi 2,000. Mke wangu hakubali. Anasema NSSF siwezi kuigusa mtoto akiugua, na Sacco ndiyo inatupa mkopo mara tatu ya akiba. Ukweli ni kwamba ana hoja.

Karani Mkuu

Mama ana hoja kubwa. Akiba ya uzeeni haiwezi kulipia homa ya usiku. Ningeshusha kingine kabla ya Sacco, lakini mfuko wako siujui.

BintiWaTandika

Nimekaa na daftari wiki hii kwa kufuata ya Karani. Chakula nimekiandika kwa kilo. Nikagundua mchele nanunua kilo mojamoja dukani mwezi mzima. Jirani yangu ana ndugu Kahama, tumekubaliana kununua gunia pamoja wakati wa mavuno na kugawana, na mkaa naubakiza kwa maharage tu, mengine gesi. Nikiwa mkweli na mafungu, chakula kinashuka kutoka 325,000 hadi 270,000. Simu nimepunguza 10,000. Michango nimeweka kikomo cha 10,000, anayezidi hapo namwambia wazi. Akiba nimeishusha hadi 20,000, na inaniuma.

Jumla imekuwa 772,000. Bado pengo la 42,500. Kilichobaki ni ada na wazazi, na hapo nimekwama.

Mwalimu Songea

Shule za serikali hazina ada tangu 2016. Mhamishe mtoto, pengo limekwisha na akiba inarudi.

BintiWaTandika

Mwalimu, nimelifikiria. Shule ya karibu ina watoto wengi mno darasani, na yeye yuko darasa la sita. Simhamishi mwaka mmoja kabla ya mtihani. Akimaliza la saba, fungu lile litafungwa lenyewe.

Mama Nuru wa Tanga

Basi tatizo lako ni la muda, si la kudumu. Usikate kwa wazazi kana kwamba ni milele. Ila nikwambie, ile 60,000 umeshawakatia bila kujua. Hujaiongeza tangu 2019, na wao pia wananunua sukari kwa bei ya sasa.

Mimi niliacha kutuma hela yote taslimu. Nusu nalipa dukani kwa mtu ninayemwamini pale kijijini: sukari, sabuni, mafuta. Bei ikipanda naiona mimi, si wao. Nusu nyingine namtumia mama mkononi, maana dawa na heshima ya kuwa na hela yake havinunuliwi dukani.

Karani Mkuu

Mama Nuru, ukifanya hivyo bei ikipanda wewe ndiye unayebeba. Fungu lako la wazazi litakua kila mwaka wakati mshahara umesimama. Utalifidia kutoka wapi?

Mama Nuru wa Tanga

Kutoka kwa ndugu zangu wawili, nao wana mishahara. Tuligawana vitu, siyo hela. Kaka ana dawa, mdogo wangu ana paa na choo, mimi nina duka. BintiWaTandika, nyie mko wangapi kwenu?

BintiWaTandika

Tuko wanne, na anayetuma ni mimi peke yangu. Hilo sijawahi kulifungua mezani. Jumapili tunaongea kwenye simu wote, nitaanza na daftari hili.