Tupeane uzoefu: lebo za WhatsApp zilikuokoa au zilikuumbua?

Mshona Mapazia
Wadau, leo nimeona aibu. Nimemkumbusha mteja malipo, kumbe alilipa tangu juzi. Kuangalia chati yake, ina lebo ya Pending payment na ya Paid, zote mbili. Nyie mnafuatiliaje oda, tangu mtu anapouliza bei mpaka mzigo unamfikia?

Kijana wa Viatu
Haiwezekani. Ukiweka lebo mpya, ya zamani inatoka yenyewe.

Dada Mashuka
Haitoki, mdogo wangu. Chati moja inabeba lebo kadhaa kwa pamoja. Unaishikilia chati, unafungua alama ya lebo, unatia tiki Paid, na hapo hapo unaitoa tiki ya Pending payment kabla ya kuhifadhi. Ukisahau hilo la pili, ndiyo yaliyomkuta mwenzetu.

Kijana wa Viatu
Mbona yangu inatoka?

Dada Mashuka
Unaitoa wewe bila kujua. Ngoja niwape yangu, maana mmenitonesha kidonda.

Mteja wangu wa zamani aliagiza seti 2 za mashuka Jumatatu, akalipa, nikaipa chati yake Paid. Kabla sijazifunga, Jumatano akarudi kwenye chati ile ile akataka seti 6 zaidi, akaahidi kulipa jioni. Mimi nikatoka. Msaidizi wangu ana kompyuta iliyounganishwa na namba ya biashara, na kazi yake ni moja: anafungua lebo ya Paid, aliyemo humo anafungiwa mzigo. Akalikuta jina, akasoma oda iliyo chini kabisa, seti 6, akazifunga, akampa mpelekaji. Narudi nakuta seti 2 zilizolipiwa ziko kwenye rafu zinanitazama. Zile 6 zimeshapokelewa, na mteja akanyamaza kimya, siku nne hakujibu.

Kosa halikuwa la msaidizi. Lebo niliibandika kwa mtu, wakati kilicholipiwa ni oda.

Baba Pacha
Alilipa hizo 6?

Mshona Mapazia
Sasa unafanyaje?

Dada Mashuka
Tukikubaliana, namwandikia ujumbe mmoja wa muhtasari, kama huu niliouandika baadaye kwa zile 6: "Oda 14. Seti 6 nyeupe, 5 kwa 6." Naushikilia ujumbe huo wenyewe na lebo naiweka hapo, siyo kwenye chati. Akiwa na oda mbili, kuna jumbe mbili, kila moja na hatua yake. Ukifungua Pending payment unaiona Oda 14 yenyewe, ukiigusa inakupeleka pale pale ilipoandikwa. Chati naiachia New customer tu, kwa aliyeuliza na hajaagiza.

Mzee wa Daftari
Yote haya ya nini? Daftari, mistari mitatu, kalamu nyekundu. Haliishiwi chaji.

Kijana wa Viatu
Daftari linalowa, mzee.

Mzee wa Daftari
Langu lina jalada la plastiki. Na wewe ungekuwa na daftari usingesema lebo inatoka yenyewe.

Bi Vipodozi
Samahani, mimi hiyo alama ya lebo siioni. Nimetafuta mpaka macho yanauma.

Fundi Samani
Dada, bila shaka unatumia WhatsApp ya kawaida. Lebo ziko kwenye WhatsApp Business.

Niongeze mambo mawili. Mimi Paid siiweki kwa picha ya muamala aliyotuma mteja. Naiweka nikishaiona pesa kwenye akaunti yangu kwa macho yangu. Picha inahaririwa, na nyingine ni ya malipo ya mwezi jana. Mpaka hapo oda inabaki Pending payment, hata akinuna.

La pili, lebo haikuambii oda imekaa hatua hiyo siku ngapi, wala haikukumbushi. Kila jioni naifungua Pending payment, natazama tarehe ya muhtasari. Iliyopita siku 3 naulizia mara moja, kisha naitoa.

Baba Pacha
Siku 3 nyingi, mimi saa 24. Na nina lebo ya "Wasumbufu", hawaioni.

Fundi Samani
Hawaioni, labda asimame nyuma yako dukani. Mimi yalinikuta.

Bi Vipodozi
Nikihamia Business, wateja wangu wa zamani watajibandika lebo wenyewe?

Mzee wa Daftari
Njoo kwenye daftari, binti.

Fundi Samani
Hapana, utaweka kwa mkono. Anza na oda ambazo hazijafika tu, zilizokwisha ziache.

Baba Pacha
Dada Mashuka, nauliza mara ya pili. Alilipa?

Dada Mashuka
Alilipa 3. Hizo 3 nyingine anasema alidhani ni ofa. Oda 14 bado iko Pending payment, na kila jioni naiona.