Jumla ya dagaa inapanda kila nikiendesha seli ya Jupyter. Nihamie faili la .py?

MwanaKibirizi: Wakuu, niko Kigoma, najifunza Python. Najumlisha bei za ndoo tatu za dagaa. Seli ya kwanza:

```python
ndoo = [38000, 41000, 36000]
jumla = 0
```

Ya pili:

```python
for bei in ndoo:
    jumla = jumla + bei
print(jumla)
```

Mwanzo ilitoa 115000, sasa inasoma 345000 na msimbo sijaugusa. Jamaa yangu anasema seli zinaharibu mwanafunzi. Nimsikilize?

Fundi_Mwanga: Msikilize. Faili la .py huanza upya kila ukiliendesha, kosa hilo usingelipata. Kwa sasa funga tabu ya kivinjari ufungue tena, itasahau.

BintiUjiji: Kuhusu .py uko sawa kaka, ila kufunga tabu hakusaidii. Kerneli, yaani programu inayoendesha msimbo wako nyuma ya ukurasa, inabaki hai na `jumla` yake. Mleta uzi, tazama namba iliyo kushoto kwa kila seli. Bila shaka ya kwanza ni `[1]` na ya pili `[4]`?

MwanaKibirizi: Ndiyo dada! Umejuaje?

BintiUjiji: 345000 ni 115000 mara tatu. Namba ya kushoto ni zamu ya kuendeshwa, basi seli ya pili umeiendesha zamu ya 2, ya 3 na ya 4, na kila mara imeendelea pale jumla ilipoishia, kwa sababu `jumla = 0` iko juu na hukuirudia. Ihamishie kwenye seli ya pili, juu ya `for`. Hapo bonyeza utakavyo, jibu ni lile lile. Halafu kabla ya kumwonyesha mtu kazi yako, chagua Restart Kernel and Run All Cells. Ikikwama, ujue kuna kitu ulikitegemea ambacho hakimo tena kwenye ukurasa, mathalani seli uliyoifuta huku thamani yake ikibaki kwenye kumbukumbu.

Asali_Tabora: Mimi huku umeme ulikatika. Nilipofungua tena majibu yote yapo, nikaendesha seli ya mwisho, nikapata NameError. Kompyuta imeharibika?

BintiUjiji: Haijaharibika. Majibu yamehifadhiwa kwenye faili, thamani zilikuwa kwenye kumbukumbu. Endesha kuanzia juu.

Fundi_Mwanga: Sasa si mnaona usumbufu? Anayeanza ashughulike na Python, asihesabu namba za seli.

BintiUjiji: Kwa programu ya duka, yenye menyu na inayojiendesha yenyewe, nakuunga mkono. Lakini huyu anapekua bei. Akisoma faili kubwa kwenye seli moja, anajaribu maswali kumi chini yake bila kulisoma upya, na kila jibu analiona papo hapo. Kwa kazi hiyo simwondoi kwenye seli.

Fundi_Mwanga: Mimi ningemwondoa akishaanza kuandika `def`.

MwanaKibirizi: Nimehamisha `jumla = 0`, nimebonyeza tena na tena, 115000. Hiyo `def` sijafika.