Karatasi ya magugu maji Ziwa Victoria: ya safu nne au ya mishale?

Binti_Nyakato
Habari za jioni wakuu. Nasoma kidato cha sita hapa Mwanza na nina karatasi mbili za magugu maji, zote zimetokana na noti za darasani. Ya kwanza ina safu nne: sababu, athari, hatua, takwimu. Nukta fupi fupi, inatosha upande mmoja. Ya pili nimeiazima kwa rafiki wa shule nyingine. Hiyo inaanza na gugu kuingia kwa Mto Kagera, inashuka kwa mishale hadi wadudu walioletwa kulila, kisha gugu linarudi tena. Ya safu naikariri upesi. Ya mishale naielewa ninapoisoma, ila nikifunga daftari inabaki nusu. Maswali ya siku hizi yanauliza kwa nini hatua fulani ilifaulu kwa muda tu, na jibu la hivyo silioni kwenye safu yoyote. Mngebaki na ipi?

Dogo_Igoma
Safu nne, usijichoshe. Nondo zenyewe ni chache: ziwa kilomita za mraba 68,800, gugu asili yake Amerika Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunika hekta 17,000, wakaletwa fukusi, likaisha 1998. Ukiandika hizo msahihishaji hana pa kukukata.

Mwl_Kirumba
Dogo, nyingi hapo ni sahihi, lakini mbili zitamkata. Hekta 17,000 ni makadirio ya Ghuba ya Winam upande wa Kenya, mwaka 1998. Ukiiandika kama eneo la ziwa zima, au la Ghuba ya Mwanza, umeharibu. Takwimu yoyote kwenye karatasi iandikwe pamoja na mahali na mwaka wake, la sivyo iache. Na gugu halikuisha 1998. Huo ndio ulikuwa upeo wake, likaanza kuporomoka, kisha miaka ya 2006 na 2007 Winam ilifunikwa tena.

Binti, ningechukua ya mishale, lakini niivunje pale penye "sababu". Noti nyingi zinaweka chini ya neno hilo mambo mawili yasiyofanana. Moja ni gugu lilifikaje: lilielea kwa Mto Kagera kutoka Rwanda. La pili ni kwa nini lilistawi: maji yalikwisha kurutubishwa na mbolea na udongo wa mashambani, pamoja na maji taka ya mijini. Hapa kwetu taja Mto Simiyu na Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji. Utaona faida ukifika kwenye hatua. Kuvuna gugu kwa mashine hakugusi hata moja kati ya hizo mbili. Mmea unaondoka, rutuba inabaki, na mbegu zilizolala kwenye tope zinaweza kuota hata baada ya miaka 15. Jibu la "kwa muda tu" ndilo hilo, na safu nne haziwezi kukupa kwa sababu zimetenganisha sababu na hatua.

Takwimu moja ya kukariri kwa moyo ni muda wa kujizidisha mara mbili. Pakiwa na joto na rutuba ni kama wiki mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Chukua hekta 1 kwenye ghuba iliyotulia. Wiki ya 2 ni 2, wiki ya 4 ni 4, ya 6 ni 8, ya 8 ni 16, ya 10 ni 32. Sasa tuseme mmevuna nusu yote wiki ya 10, zimebaki 16. Wiki ya 12 mko 32 tena. Mistari hiyo miwili inaeleza udhaifu wa kuvuna kuliko aya nzima.

Sengerema_Pwani
Mwalimu, hapo umetugusa. Mwaloni kwetu tunayavuta kwa mikono na reki, kesho upepo unageuka yanakuja mengine, mitumbwi inakwama na nyavu zinanasa. Halafu haya ya sasa yana majani madogo yamesongamana kama zulia, ndiyo yaliyosumbua vivuko Kigongo na Busisi. Hao fukusi tunawapata wapi tuwamwage?

Mwl_Kirumba
Pole sana kaka. Hayo ya majani madogo ni salvinia, mmea mwingine kabisa. Fukusi wa magugu maji, jina lao Neochetina, hawali salvinia. Salvinia ina fukusi wake, na mtu binafsi haruhusiwi kuleta mdudu na kumwachia tu. Nendeni ofisi ya uvuvi au ya mazingira ya wilaya mkiwa na mmea wenyewe mkononi, wautambue kwanza.

Binti, hili nalo likuhusu: usiweke picha za Kigongo za juzi chini ya kichwa cha magugu maji ya miaka ya 1990. Ni mimea miwili na nyakati mbili.

Mkerewe_Nansio
Mimi nakataa kidogo kuhusu fukusi. Dogo anasema wao ndio walilimaliza, na karatasi nyingi zinasema hivyo. Waliachiwa Uganda 1995, Kenya 1997. Lakini mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 kulikuwa na mvua za El Ninyo, ziwa likapanda, mawimbi yakayararua magugu yaliyoshikana, na mawingu yakapunguza jua. Utajuaje nani aliua?

Mwl_Kirumba
Hoja nzuri, na wataalamu wenyewe wamebishana. Mimi naegemea kwa fukusi, kwa sababu ya namna wanavyofanya kazi. Mdudu mzima anakwangua jani na kuacha makovu, funza wake anatoboa kikonyo hadi kwenye moyo wa mmea, maji yanaingia, mmea unazama. Mmea uliokwisha kutobolewa ndio unaovunjwa kirahisi na wimbi. Kwa hiyo ningeandika yote mawili, fukusi kwanza. Kumbuka pia ukivuna kwa mashine unawatoa fukusi pamoja na majani, hatua moja inaihujumu nyingine.

Mkerewe_Nansio
Bado sijashawishika kwamba fukusi watangulie, ila yote mawili yawepo, sawa. Kwenye athari ongeza hili: si samaki wote walioumia. Chini ya magugu hewa inapungua, sato anahama, lakini kamongo anavuta hewa juu ya maji na anajificha humo. Winam walivua kamongo zaidi gugu liliporudi. Wengi wanaandika tu "samaki hufa". Na konokono wa kichocho usiwasahau, wanashika kwenye mizizi.

Dogo_Igoma
Sawa, 17,000 naiwekea Winam. Ila hiyo mishale mtu ataikumbukaje ndani ya pepa?

Binti_Nyakato
Nimejaribu sasa hivi. Nimechora mishale mitupu kwenye karatasi nyeupe, nikajaza bila kuangalia. Kuingia na kustawi vimekuja. Kwenye athari nimetoka na kamongo na konokono, nikasahau mitambo ya umeme ya Jinja iliyokuwa inazibwa. Hesabu ya 1 hadi 32 imekaa yenyewe. Nitabaki na mishale, na safu ya takwimu nitaibandika pembeni, kila namba na mahali pake. Mwalimu, swali moja: kwenye hatua za Tanzania niandike mradi wa pamoja wa hifadhi ya mazingira ya ziwa ulioanza 1997, au niutaje kama hatua ya nchi zote tatu?

Mwl_Kirumba
Nchi tatu. Kisha taja chini yake kazi ya upande wetu: kuzalisha na kuachia fukusi, na wanakijiji kung'oa kwa mikono mwaloni.

Sengerema_Pwani
Kesho napeleka mmea ofisini.