Mrejesho: Neno la shukrani makaburini

Niliuliza: "Mimi ndiye msemaji wa familia kwenye mazishi ya baba mdogo. Nitashukuru na kutangaza yanayofuata vipi bila sauti kukatika?"

Wadau, asanteni. Tumemzika jana. Niliandika kwa herufi kubwa, nikashukuru kwa makundi: majirani, wafanyakazi wenzake, waliomuuguza. Hata hivyo nikawasahau waliochimba kaburi, nao wamesimama mbele yangu na majembe! Niliwafuata baadaye kuwaomba radhi.

Nilipofika kwenye jina lake sauti ilikatika. Nikanyamaza, nikavuta pumzi, nikaendelea taratibu. Hakuna aliyenihimiza.

Matangazo niliyaweka mwisho, mafupi: "Kutoka hapa tunarudi nyumbani. Kikao cha familia ni kesho saa nne. Mwenye kumdai au kudaiwa na marehemu amwone kaka yake mkubwa." Saa niliirudia mara mbili, kikaoni hakuna aliyechelewa.